Karatasi Nne za Mzigo Mmoja

Karatasi ya kwanza ina nembo ya duka, muhuri wa bluu, sahihi ya meneja na jumla ya shilingi 11,800,000 iliyopigiwa mstari chini, na bado haimdai mtu hata senti. Ya mwisho ni kipande chembamba cha karatasi kilichotoka kwenye mashine ndogo ya kaunta, kinachojikunja chenyewe kabla hakijafika mfukoni, na Mamlaka ya Mapato Tanzania inakithamini kuliko zile nyingine zote. Katikati ya hizo mbili mzigo umesafiri na deni limezaliwa. Mara nyingi kuna ugomvi pia, kwa sababu mtu fulani alisoma karatasi moja akidhani ni nyingine.

Mtaani zinaitwa profoma, delivari, ankara au invoisi, na risiti. Kwa mbali zinafanana: zote zina tarehe, namba, jina la muuzaji na orodha ya bidhaa. Tofauti yake huonekana vizuri zaidi mtu akiufuata mzigo mmoja tangu bei inapoulizwa hadi pesa inapoingia benki.

Chukua hoteli ndogo ya Bagamoyo inayotaka kubadilisha paa kabla ya masika kushika kasi. Mfano huu ni wa kubuni na bei zake ni za kukadiria, lakini hatua zake ni zile zile zinazopigwa kila siku Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mhasibu wa hoteli anapiga simu dukani: anahitaji mabati 200 na ndoo 15 za rangi. Muuzaji anamwambia, “Sawa, dada, nakutumia profoma sasa hivi.”

Profoma, ambayo kwenye Kiswahili cha ofisini huandikwa ankara kifani, ni bei iliyovalishwa sura ya ankara. Inasema: ukinunua kwangu, kwa wingi huu, utalipa hivi. Bati moja shilingi 42,500, kwa hiyo 200 ni 8,500,000. Ndoo moja ya rangi 100,000, kwa hiyo 15 ni 1,500,000. Jumla milioni 10, ongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ya asilimia 18, ambayo ni 1,800,000. Hapo ndipo inapopatikana ile 11,800,000. Chini kuna mstari ambao wanunuzi wengi hawausomi: bei hii itadumu kwa siku 14.

Mstari huo una uzito. Bati hutegemea chuma kinachoagizwa kutoka nje, na shilingi ikiyumba mbele ya dola, bei ya mwezi uliopita huwa imeshapitwa. Mnunuzi anayerudi na profoma ya miezi miwili na kudai bei ile ile hana cha kushikilia. Lakini akikubali ndani ya siku zile 14, kwa kutuma hati ya kuagiza ambayo maofisini huitwa LPO, mambo hugeuka: muuzaji amependekeza, mnunuzi amekubali, na sasa kuna mkataba. Profoma yenyewe bado haidai pesa, ila imekuwa ushahidi wa bei waliyokubaliana.

Watanzania wengi waliifahamu karatasi hii si kwa mabati, bali kwa magari. Anayeagiza gari Japani hutumiwa profoma yenye aina ya gari, namba ya chesisi, bei na akaunti ya muuzaji, kisha anaipeleka benki ili pesa itumwe nje. Benki haitumi dola kwa maneno matupu. Inataka kuona zinalipia nini. Mkopeshaji wa bajaji hufanya vivyo hivyo, anaomba profoma ya duka ili ajue mkopo unakwenda wapi. Gari likishafika bandarini, hata hivyo, profoma imemaliza kazi yake. Forodha wanataka ankara halisi ya mauzo, inayoonyesha bei iliyolipwa au itakayolipwa kweli, kwa sababu juu yake ndipo thamani ya kodi inapoanzia.

Kuna matumizi mengine ya profoma ambayo hayasemwi kwa sauti. Ofisi nyingi za umma na mashirika hutaka profoma tatu kutoka maduka matatu kabla ya kununua chochote, ili bei zishindane. Ofisa mvivu, au mjanja, humwomba muuzaji mmoja amletee zote tatu. Mhakiki mzoefu huwakamata kwa vitu vidogo: karatasi tatu za kampuni tatu zenye kosa moja la tahajia, mpangilio ule ule wa safu, na bei zinazopishana kwa kiasi kile kile kwenye kila bidhaa. Kwa kuwa profoma haina athari ya kodi na haipiti kwenye mashine yoyote, kuighushi ni kazi ya dakika chache.

Turudi kwenye mzigo. Hoteli imetuma LPO, na imekubaliwa kwamba malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu mzigo ufike. Tarehe 24 Machi lori linapakiwa. Dereva anakabidhiwa kitabu cha delivari, yaani hati za kukabidhi mzigo, chenye nakala za rangi tofauti zilizotenganishwa na kaboni. Ndani yake hakuna bei. Kuna “mabati ya geji 28, mita 3, idadi 200” na “rangi, ndoo za lita 20, idadi 15”, namba ya LPO, namba ya gari, na chini kabisa nafasi ya mpokeaji kuandika jina, kuweka sahihi na kupiga muhuri.

Kukosekana kwa bei ni kwa makusudi. Anayepokea mzigo ni mtunza stoo, na kazi yake ni kuhesabu na kukagua. Akijua bei haimsaidii kuona kwamba bati limepinda. Dereva naye hana sababu ya kutembea na siri ya punguzo ambalo tajiri wake amempa mteja mmoja na kumnyima mwingine.

Ni kwenye hati hii, ile inayodharauliwa kuliko zote, ambapo pesa nyingi hupotea. Lori limefika saa kumi na moja jioni, wingu limetanda, dereva ana haraka ya kurudi Dar es Salaam kabla foleni ya Tegeta haijamkamata. Anasema, “Mzee, saini tu hapa, mzigo umekamilika huo.” Mzee wa stoo akisaini kabla ya kuhesabu, ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mabati 200 mazima yameingia. Kesho akigundua 12 yamepinda, atakuwa anabishana na sahihi yake.

Katika mfano wetu mzee huyo ni mkaidi. Anashusha mabati kumi kumi, anahesabu, na anakuta 12 yamepinda pembe kiasi cha kutofaa. Anayarudisha kwenye lori na kuandika kwenye nakala zote: “Yamepokelewa 188. Mabati 12 yamepinda, yamerudishwa na dereva.” Anasaini, dereva naye anasaini pembeni ya maneno hayo. Nakala moja inabaki stoo, nyingine inarudi Gerezani. Kama mzigo ungekuwa katoni zilizofungwa ambazo hawezi kuzifungua zote papo hapo, angeandika idadi ya katoni na kuongeza kwamba yaliyomo hayajakaguliwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi ambaye hajapata nafasi ya kutosha ya kukagua, lakini ulinzi huo huwa mwepesi zaidi kudai pale maneno yanapokuwa yameandikwa kwenye karatasi siku ile ile.

Delivari, basi, ni ushahidi wa mzigo kuhama mikono. Haisemi bei wala haisemi kama pesa imelipwa. Muuzaji asiyekuwa na nakala iliyosainiwa atapata shida kumdai mteja anayesema hakupokea kitu, hata kama ankara yake imechapwa kwa rangi tatu.

Sasa ankara. Hii ndiyo hati ya kudai. Profoma ilisema “utalipa”. Ankara inasema “unadaiwa”, na inataja kiasi gani, kwa ajili ya nini, ifikapo lini, kwenye akaunti ipi. Tarehe yake ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku za kulipa pale ambapo pande mbili hazikupanga vinginevyo, na namba yake ndiyo inayoandikwa kwenye vitabu vya pande zote mbili: kwa muuzaji chini ya wadaiwa, kwa hoteli chini ya wadai.

Lakini Tanzania ankara ina mguu wa pili, na huu ndio unaowachanganya hata wahasibu waliosoma. Tangu 2010, mashine za kielektroniki za kutolea risiti, zile EFD, zilipoanza kutumika kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, karatasi inayotoka kwenye mashine imekuwa ikiitwa risiti na kila mtu. Hata juu yake pameandikwa kwa Kiingereza “START OF LEGAL RECEIPT”. Kwa mtu wa kawaida risiti maana yake pesa imelipwa. Kwa sheria ya VAT ya 2014 sivyo hivyo hasa. Sheria inamtaka muuzaji atoe ankara ya kodi kupitia mashine hiyo si baada ya siku ambayo kodi inastahili kulipwa, na siku hiyo ni ile inayotangulia kati ya tatu: siku ankara ilipotolewa, siku malipo yalipopokelewa yote au sehemu, au siku bidhaa zilipotolewa. Mzigo ukishuka Bagamoyo tarehe 24 Machi, kodi imeshaanza kudaiwa, pesa iwe imeingia au haijaingia.

Kwa hiyo karatasi ya EFD inaweza kutoka wakati mteja hajalipa hata shilingi. Inathibitisha kwamba mauzo yamefanyika na kodi yake imeandikishwa TRA. Haithibitishi kwamba deni limekwisha.

Hapo ndipo panapozaliwa mabishano ambayo yeyote aliyewahi kuuza kwa mkopo anayajua. Mhasibu wa mteja anasema, “Lete risiti ya EFD ndipo tuandae malipo.” Muuzaji anajibu, “Lipeni kwanza, risiti mtapata.” Kila mmoja ana sababu. Mteja anahofu kwamba akishalipa hatapewa karatasi, na bila karatasi hiyo hawezi kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi. Muuzaji anaogopa mambo mawili: kwanza, kwamba mteja atachukua risiti na kuitumia kama ushahidi kuwa amelipa, pili, kwamba atabeba kodi ya pesa ambayo hajaipata.

Hofu ya pili ina hesabu kamili. Ritani ya VAT huwasilishwa na kodi hulipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya tarehe 24 Machi yanaingia kwenye ritani ya Aprili 20. Hoteli ina siku 30, maana yake hadi Aprili 23. Duka linatakiwa kumlipa kodi ya mabati yale siku tatu kabla ya mteja kufikia ukomo wake, na hapo ni kama mteja ni mwaminifu. Akichelewa hadi Juni, duka limemkopesha serikali na hoteli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wauzaji wengi hung’ang’ania kumtumia mteja profoma badala ya ankara hata baada ya kupeleka mzigo, wakidhani wameisogeza kodi mbele. Hawajaisogeza. Nakala ya delivari yenye sahihi ya mzee wa stoo na tarehe 24 Machi inatosha kumwonyesha mkaguzi kwamba bidhaa zilitoka siku hiyo, na profoma iliyoandikwa wiki mbili baada ya mzigo kupokelewa inazua maswali yenyewe.

Njia iliyo safi ni kutenganisha mambo mawili ambayo karatasi ya mashine imeyachanganya. Duka linatoa karatasi ya EFD pamoja na mzigo, kama sheria inavyotaka, na juu ya ankara yake ya kawaida linaandika wazi masharti: malipo ndani ya siku 30, bado haijalipwa. Pesa zikija, linatoa stakabadhi ya malipo, hata ile ya kitabu cha kawaida chenye namba, inayotaja ankara iliyolipiwa. Stakabadhi hiyo haichukui nafasi ya EFD kwa TRA, wala EFD haichukui nafasi yake mbele ya hakimu anayeuliza kama deni lililipwa. Muamala wa benki au ujumbe wa malipo ya simu husaidia kuthibitisha, ila ujumbe hauonyeshi ni ankara ipi iliyolipwa, na mteja mwenye ankara tano atajua umuhimu wa hilo siku vitabu vitakapokataa kulingana.

Kwenye kaunta mambo ni mepesi. Anayenunua kilo mbili za misumari kwa pesa taslimu hahitaji profoma wala delivari: mzigo, deni na malipo vinatokea kwa sekunde moja, na karatasi moja ya EFD inabeba yote. Ugumu huja tu pale ambapo siku ya kukubaliana bei, siku ya kupokea mzigo na siku ya kulipa ni siku tatu tofauti.

Na yale mabati 12? Kwa kuwa duka lilihofia lori kusimamishwa njiani na maofisa wa TRA bila risiti, karatasi ya EFD ilichapwa asubuhi kwa mzigo wote: mabati 200, jumla 11,800,000. Jioni delivari ikarudi ikisema 188. Risiti ya mashine ikishatoka haifutiki, na kuchora mstari kwa kalamu hakusaidii. Kinachotakiwa ni hati ya kupunguza deni, ambayo wahasibu huiita krediti noti, inayotaja namba ya risiti ya kwanza na sababu ya punguzo. Mabati 12 kwa 42,500 ni 510,000. VAT yake ni 91,800. Jumla 601,800. Deni la hoteli sasa ni 11,198,200.

Bila maneno yale ya mzee wa stoo, hoteli ingelipa laki sita na elfu moja mia nane kwa mabati yaliyorudi Gerezani. Tena mhasibu asiye makini angeweza kufanya kosa jingine upande wa kodi: kudai VAT ya 1,800,000 iliyo kwenye karatasi ya mashine, wakati baada ya krediti noti anastahili 1,708,200 tu. Mkaguzi akizilinganisha ritani za duka na za hoteli, pengo la 91,800 litajitokeza lenyewe.

Kabla ya kuruhusu malipo, mhasibu wa hoteli anaweka mezani karatasi tatu kwa pamoja: LPO kuona kilichoagizwa na kwa bei gani, delivari kuona kilichofika, ankara kuona kinachodaiwa. Idadi kwenye ankara lazima ilingane na delivari, na bei lazima ilingane na LPO. Anaangalia na kitu kimoja zaidi ambacho kimekuwa muhimu tangu karatasi zianze kusafiri kwa barua pepe: namba ya akaunti. Matapeli huingia kwenye mawasiliano ya watu wawili, wakachukua ankara halisi na kubadilisha akaunti tu, kila kingine kikibaki vile vile. Akaunti ikiwa si ile iliyokuwa kwenye profoma, anapiga simu dukani kwa namba anayoijua yeye, si ile iliyoandikwa kwenye ankara mpya.

Uhalali wa karatasi ya EFD nao unachunguzika. Karibu na mwisho wake kuna msimbo wa uhakiki na alama ya QR. Ukiuingiza msimbo huo kwenye verify.tra.go.tz pamoja na saa iliyochapwa, unaona kama TRA inaitambua risiti hiyo na kwa kiasi gani. Kama tovuti inaonyesha 1,180,000 wakati karatasi mkononi inasema 11,800,000, karatasi hiyo ni ya kughushi, hata kama duka ni la rafiki.

Ng’ambo ya Namanga mambo yanakaribiana. Kenya VAT ni asilimia 16, na mfumo wao, eTIMS, unaifanya ankara yenyewe ipite kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki kupunguzwa kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Huko pia profoma iko nje ya mfumo, na mfanyabiashara wa Nairobi anayempa mhasibu wake profoma kama ushahidi wa matumizi hurudishiwa.

Hoteli ya Bagamoyo ililipa kwa awamu mbili: milioni 6 Aprili 10, na 5,198,200 Aprili 22. Duka lilitoa stakabadhi mbili, kila moja ikitaja namba ile ile ya ankara, na ya pili ikiongezewa maneno “deni limekwisha”. Mhasibu wa hoteli alizibana pamoja: LPO, delivari, ankara, karatasi ya EFD, krediti noti na stakabadhi zote mbili. Ile ya EFD aliitoa nakala kwanza, kwa sababu imechapwa kwenye karatasi ya joto, na wino wake hufifia ukikaa karibu na dirisha au kwenye faili la plastiki. Sheria inamtaka atunze kumbukumbu hizo kwa miaka mitano.